Simu zinakatika data ikipanda: kutafuta kosa kwenye foleni za ruta

Malalamiko huja kwa sura moja: "Hatuwasikii vizuri, mnakatika." Sababu zake ni nyingi, na sehemu kubwa ya kazi ni kujua ni foleni gani inayoumiza. Mwongozo huu unahusu laini inayobeba sauti na data pamoja, kwenye ruta za Cisco zenye IOS, kwa kuwa ndizo zinazokuonyesha kwa uwazi kinachoendelea ndani ya foleni. Kanuni zenyewe hazibadiliki hata ukitumia ruta ya kampuni nyingine.

Tufanye kazi na tawi moja la mfano. Laini yake kwenda makao makuu ni ya 1000 kbps, imeunganishwa kwa `Serial0/0/0`. Simu zinatumia kodeki ya G.711, pakiti moja kila milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde. Kila pakiti ina baiti 160 za sauti, baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP, na baiti 6 za kichwa cha PPP. Jumla ni baiti 206. Zidisha kwa biti 8 na pakiti 50, unapata 82.4 kbps kwa simu moja kwa upande mmoja. Shika namba hiyo. Wengi hukumbuka ile 64 inayotajwa kwa G.711, na huko ndiko hesabu zinakoharibika.

Kuna njia mbili kubwa za kupanga foleni hapa. Foleni ya kipaumbele inasema: maadamu kuna pakiti ya sauti inayosubiri, hakuna pakiti nyingine itakayotoka. Foleni ya haki kwa uzito, maarufu kama WFQ, inampa kila mtiririko sehemu ya laini kulingana na uzito wake, na hakuna anayefungiwa nje kabisa. Zote mbili hufanya kazi vizuri hadi siku mzigo unapobadilika sura, na kila moja ina namna yake ya kuvunjika. Ukizijua namna hizo, dalili yenyewe itakuelekeza.

Dalili ya kwanza: asubuhi simu ni safi, ofisi ikijaa sauti inavunjika

Angalia kwanza ni foleni gani ipo:

```
show interfaces Serial0/0/0
```

Ukikuta mistari ya namna hii, uko kwenye WFQ:

```
Queueing strategy: weighted fair
Output queue: 71/1000/64/0 (size/max total/threshold/drops)
   Conversations  58/83/256 (active/max active/max total)
```

Huenda hakuna aliyeiweka. Kwenye laini za mfululizo zenye kasi ya E1 kushuka chini, matoleo mengi ya IOS, hasa ya zamani, yamezoea kuiwasha yenyewe.

Ili kuona kwa nini sauti inavunjika, tazama WFQ inavyoamua nani atangulie. Kila pakiti inayoingia hupewa namba ya kumaliza: inachukuliwa namba ya pakiti iliyotangulia kwenye mtiririko uleule, kisha inaongezwa ukubwa wa pakiti mara kizidishi cha mtiririko. Pakiti yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotoka. Kizidishi hicho kwenye IOS ni 32384 ikigawanywa kwa alama ya kipaumbele ya IP jumlisha moja. Data ya kawaida ina alama 0, kwa hiyo kizidishi chake ni 32384 kamili. Sauti iliyotiwa alama ya EF inasomeka kama 5, na kizidishi chake ni kama 5397. Kwa lugha nyepesi, simu moja inapata mafungu 6 pale mtiririko wa data unapopata fungu 1.

Pakiti ya sauti ni fupi na kizidishi chake ni kidogo, kwa hiyo namba yake ya kumaliza ni ndogo mno ukiilinganisha na ya pakiti ya data ya baiti 1500. Inaruka mbele karibu kila mara. Ndiyo maana asubuhi WFQ inaonekana kana kwamba ni foleni ya kipaumbele, na fundi anaondoka akiamini kazi imekwisha.

Sasa hesabu ya mchana. Tuseme simu 4 ziko hewani. Mafungu yao ni 24. Data ina mitiririko kadhaa yenye pakiti zinazosubiri, kila mmoja fungu 1. Sehemu ya simu moja ni:

```
1000 x 6 / (24 + idadi ya mitiririko ya data)
```

Mitiririko ya data ikiwa 20, simu moja imehakikishiwa 136 kbps, zaidi ya inazohitaji. Ikifika 48, inapata 83.3 kbps, bado inapumua. Ukiongeza mmoja tu, inashuka chini ya 82.4, na hapo simu inaanza kudaiwa. Ikifika 76, kila simu ina 60 kbps tu. Pungufu ni 22.4 kbps, yaani zaidi ya pakiti moja katika kila nne haina nafasi ya kutoka kwa wakati.

Mitiririko 76 ni jambo la kawaida. Kivinjari kimoja hufungua miunganisho mingi kwa ukurasa mmoja, na kompyuta zikianza kupakua masasisho kwa pamoja unazivuka kirahisi. Ile namba ya katikati kwenye mstari wa `Conversations`, hapo juu 83, ni idadi ya juu kabisa iliyowahi kuwa hai kwa wakati mmoja. Iweke kwenye fomula badala ya idadi ya data, baada ya kutoa simu zilizokuwepo, na utapata hali mbaya zaidi iliyowahi kutokea kwenye laini yako. Kwangu mimi huu ndio mstari wenye faida kuliko yote katika matokeo ya amri ile, na mara nyingi watu huuruka wakikimbilia kuona pakiti zilizotupwa.

Na hiyo namba ya zilizotupwa inaweza kukupotosha. Kwenye mfano wetu ni 0 huku watu wanalalamika. Kizingiti cha WFQ ni pakiti 64 kwa mtiririko, kwa hiyo foleni ya simu moja inaweza kurundika hadi hapo kabla ruta haijatupa kitu. Pakiti 64 za baiti 206 zikitoka kwa 60 kbps zinachukua karibu sekunde 1.8. Simu ya upande wa pili haiwezi kusubiri hivyo. Bafa yake ina nafasi ya makumi ya milisekunde tu, au mia na kidogo, na inayochelewa zaidi ya hapo inaitupa yenyewe. Ruta inasema kila kitu kimefika, simu inasema robo ya maneno haikufika, na wote wawili wanasema kweli. Ukitaka ushahidi, tazama takwimu za simu yenyewe: pakiti zilizochelewa au kutupwa, na kuyumba kwa muda wa kufika.

Kosa la msingi hapa ni la asili ya WFQ. Ndani yake kuchelewa na upana wa laini vimefungwa pamoja: njia pekee ya kumpunguzia mtu kusubiri ni kumpa sehemu kubwa zaidi ya laini. Sauti haihitaji sehemu kubwa, inahitaji kutoka mapema. Kuongeza laini hadi 2000 kbps kutasogeza tu kikomo kutoka mitiririko 48 hadi 121, na siku ofisi ikiongezeka watu utarudi palepale.

Tiba ni kuitoa sauti kwenye ugavi huo wa mafungu na kuipa kipaumbele chenye kikomo, huku data ikiachwa igawane kwa haki. Kwenye IOS mchanganyiko huu unaitwa LLQ:

```
class-map match-any SAUTI
 match dscp ef
class-map match-any ISHARA
 match dscp cs3 af31
policy-map TAWI
 class SAUTI
  priority 340
 class ISHARA
  bandwidth 16
 class class-default
  fair-queue
interface Serial0/0/0
 bandwidth 1000
 service-policy output TAWI
```

Mstari wa `bandwidth 1000` usiusahau. Bila huo, ruta inaweza kudhani laini ni 1544 kbps na kupiga hesabu zake juu ya upana ambao haupo. Daraja la ISHARA ni la ujumbe wa kupiga na kukata simu. Hauhitaji haraka ya sauti, ila ukikosa nafasi simu haitaita kabisa.

Dalili ya pili: sauti ni safi kabisa, lakini data imekufa

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na humpata aliyekimbilia kipaumbele kisicho na kikomo, kwa mfano `priority-list` ya zamani au amri ya `priority` isiyo na namba. Watu wanasema mtandao umekatika. Ukipiga `ping` kutoka kompyuta hadi ruta ya hapohapo inajibu mara moja, ukienda ng'ambo ya laini haijibu au inajibu baada ya sekunde nzima. Simu zinaendelea kama kawaida.

Gawanya 1000 kwa 82.4: simu 12 zinatosha kuimeza laini nzima. Ila tawi dogo mara chache lina simu 12 kwa wakati mmoja, kwa hiyo tafuta mgeni ndani ya foleni ya juu. Mara nyingi ni mkutano wa video ambao programu yake inajitia alama ya EF, au mtu aliyeandika orodha ya ruhusa pana mno, mfano UDP yote iende juu. Video moja ya 900 kbps ndani ya foleni hiyo inaiachia data makombo.

Data nayo ina tabia inayoongeza maumivu. TCP isipopata jibu inasubiri, inarudia, na kila ikikosa inaongeza mara mbili muda wa kusubiri. Kwa hiyo hata video ikikatwa, kurasa nyingine hubaki zimeganda kwa sekunde kadhaa, na fundi anayepima haraka haraka anaweza kudhani alichokitoa hakikuwa chanzo. Mpe muda kabla hujaamua.

Tiba ni mbili kwa pamoja: weka kikomo kama cha LLQ hapo juu, na usiamini alama inayotoka kwenye kompyuta. EF ikubalike kutoka VLAN ya simu tu. Video ipewe daraja lake kwa `bandwidth`, kwa sababu pakiti zake ni kubwa na huja kwa mafungu, na zikikaa foleni moja na sauti zinaichelewesha sauti yenyewe.

Dalili ya tatu: simu nne ziko sawa, ya tano inaharibu zote tano

Kipaumbele chenye kikomo nacho kina bei yake. Laini ikijaa, LLQ inapima daraja la sauti na kinachozidi kikomo kinatupwa. Simu tano zinahitaji 412 kbps, kikomo ni 340, ziada ni 72. Ruta haijui ipi ni simu ya tano. Inaona rundo moja la pakiti za EF na inatupa karibu asilimia 17 kutoka kwa yeyote, kwa hiyo waliokuwa wanaongea vizuri wanaharibikiwa pamoja na mgeni.

Ukumbuke kwamba upimaji huo unafanya kazi laini inapokuwa imejaa tu. Data ikiwa tulivu, simu tano, sita, hata nane zitapita bila shida, na jaribio lako la jioni litakuambia kila kitu kiko sawa. Thibitisha saa ya msongamano:

```
show policy-map interface Serial0/0/0
```

Chini ya daraja la sauti kuna mstari huu:

```
Priority: 340 kbps, burst bytes 8500, b/w exceed drops: 1874
```

Iangalie namba ya mwisho mara mbili, ukiachanisha kwa dakika moja huku simu zikiwa hewani. Ikipanda, jibu umelipata.

Sura nyingine ya kosa hilihili ni ya kimyakimya zaidi. Mtu anapiga hesabu ya 80 kbps kwa simu, bila baiti za PPP, na kuandika `priority 320` kwa simu nne. Simu nne zinataka 329.6. Karibu asilimia 3 ya pakiti zinatupwa, ila tu simu zote nne zinapokuwepo na laini imejaa. Sauti haivunjiki wazi. Inakuwa na mikwaruzo midogo ambayo kila mtu analaumu vifaa vya masikioni.

Kuongeza kikomo ni sawa mradi laini inaruhusu, lakini tiba kamili ni kuizuia simu ya tano isianze, kwa kuweka idadi ya juu ya simu kwenye mfumo wa simu, au `max-conn` kwenye `dial-peer` ya ruta. Njia nyingine ni kubadili kodeki. G.729 ina baiti 20 za sauti badala ya 160, na kwa vichwa vilevile simu moja inakuwa 26.4 kbps, hivyo 340 inabeba simu 12. Sauti yake ni hafifu kidogo, ila inaeleweka vizuri, na kwa laini hii ningeichagua bila kusita.

Dalili ya nne: mpangilio ni sahihi, lakini hakuna kilichobadilika

Tazama tena `show policy-map interface`. Kama daraja la SAUTI linaonyesha pakiti 0 wakati simu iko hewani, sauti yako inapita kwenye `class-default` pamoja na data, na alama imepotea njiani. Mara nyingi ni swichi. Kwenye swichi nyingi za Catalyst za zamani, mtu akiwasha `mls qos` bila kuambia lango liamini alama, swichi inazifuta zote kuwa 0. Weka `mls qos trust dscp` kwenye lango la simu na lile linaloelekea ruta, kisha angalia kama namba inaanza kupanda.

Kama pakiti zinahesabiwa vizuri lakini foleni haijai kamwe, msongamano hauko kwenye ruta yako. Hili hutokea sana laini inapoletwa kwa waya wa Ethernet. Ruta inaona lango la 100 Mbps, inatoa kila kitu papo hapo, na foleni inajengeka ndani ya modemu au redio ya mtoa huduma, ambako wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kutoka. Hapo huwezi kumpa mtu kipaumbele, kwa sababu foleni si yako. Irudishe kwako kwa kubana kasi chini kidogo ya ile uliyouziwa:

```
policy-map BANA
 class class-default
  shape average 950000
  service-policy TAWI
interface FastEthernet0/1
 service-policy output BANA
```

Unapoteza asilimia 5 ya laini na unapata mamlaka juu ya nani anatangulia. Kichwa cha Ethernet ni kirefu kuliko cha PPP, kwa hiyo piga upya hesabu ya kbps kwa kila simu kabla ya kuacha 340 ilivyo.

Dalili ya tano: kipaumbele kipo, bado sauti inatetema kwenye laini ndogo

Kipaumbele hakikatizi pakiti iliyokwisha kuanza kutoka. Pakiti ya sauti ikifika sekunde ileile pakiti ya baiti 1500 imeanza kupanda kwenye waya, lazima iisubiri imalize. Kwa 1000 kbps hiyo ni milisekunde 12, inavumilika. Kwa 512 ni zaidi ya 23. Kwa 256 ni karibu 47, na ukiwa na laini mbili za namna hiyo njiani umeshakula sehemu kubwa ya milisekunde 150 ambazo pendekezo la ITU-T G.114 linaona zinafaa kwa safari ya upande mmoja.

Chini ya 768 kbps vunja pakiti kubwa vipande na uruhusu sauti ipenye katikati, kwenye pande zote mbili za laini, na `service-policy` ihamie kwenye `Multilink1`:

```
interface Multilink1
 ppp multilink
 ppp multilink fragment delay 10
 ppp multilink interleave
 ppp multilink group 1
interface Serial0/0/0
 encapsulation ppp
 ppp multilink
 ppp multilink group 1
```

Juu ya 768 kbps haina faida, inaongeza kazi kwa ruta tu.

Dalili ya sita: wao wanatusikia, sisi hatuwasikii

Foleni hupangwa kwenye kutoka. Kila ulichoandika kwenye ruta ya tawi kinalinda sauti inayokwenda makao makuu. Inayokuja inategemea foleni ya ruta ya upande wa pili, na data nyingi ya tawi ni ya kupakua, kwa hiyo upande huo ndio unaojaa kwanza. Ingia kwenye ruta ya makao makuu na uangalie lango linaloelekea tawi kwa amri zilezile. Mara nyingi utakuta hakuna `service-policy` hata moja.

Kama upande wa pili ni wa mtoa huduma na hakubali kuweka foleni za madaraja, unaweza kubana data inayoingia, ukiweka `shape` kwenye lango la ruta linalotazama mtandao wa ndani, kwa kama asilimia 85 ya laini, huku sauti ikipita nje ya kibano. TCP itahisi laini imejaa na kupunguza mwendo kule inakotoka, na foleni ya mtoa huduma itabaki fupi. Njia hii inaidhibiti TCP tu. Mtiririko wa UDP usiojali kupotea kwa pakiti utaendelea kuja kwa kasi yake, na huo ni mtoa huduma pekee anayeweza kuuzuia kabla haujafika kwako.